Kabla Hujaunganisha Mikopo: Piga Kwanza Hesabu ya Riba ya Pamoja

Ofisa mauzo wa benki akifika shuleni karibu na siku za mshahara, huwa na maneno yake: "Mwalimu, tunakununulia madeni yote, unabaki na rejesho moja tu, tena dogo." Rejesho huwa dogo kweli, hapo hakudanganyi. Asichokuambia ni kama kila shilingi unayodaiwa itakugharimu zaidi au pungufu ya ilivyokuwa ikikugharimu kule ilikotoka. Jibu la hilo halimo kwenye ukubwa wa rejesho, wala kwenye asilimia iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kipeperushi. Unalipata kwa kukaa chini na kalamu, au na simu yenye Excel au Google Sheets, na kazi yenyewe ni ya jioni moja.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Ni wa mwalimu wa sekondari ya serikali Tanzania, na namba zake ni za kubuni, ila aina ya madeni aliyonayo ataitambua yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS.

Mwalimu wetu ana madeni matatu. Benki inamdai salio la Sh 9,000,000, riba asilimia 16 kwa mwaka inayotozwa kwenye salio linalopungua, imebaki miezi 36, na rejesho ni Sh 316,413 kwa mwezi. SACCOS inamdai Sh 3,000,000, riba asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio, imebaki miezi 20, rejesho Sh 166,246. La tatu ni la kampuni ya mikopo midogo. Alichukua Sh 2,400,000 kwa miezi 12, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Hicho ndicho kikomo ambacho Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana. Amelipa miezi minne, imebaki minane ya Sh 284,000. Jumla kila mwezi zinamtoka Sh 766,659.

Hatua ya 1: Omba barua ya salio la kumaliza mkopo, kwa kila deni

Usianze na mkataba wala na hati ya mshahara. Anza kwa kwenda kwa kila mkopeshaji na kumwomba akuandikie kiasi utakachotakiwa kulipa ili deni life siku fulani, na siku hiyo iwe moja kwa wote, tuseme tarehe 30 ya mwezi huu. Hiyo ndiyo namba itakayobeba hesabu yote. Salio linaloonekana kwenye simu au kwenye hati ya mshahara si lazima liwe hilohilo, kwa sababu anayemaliza mapema anaweza kukutana na ada ya kuvunja mkataba, riba ya siku zilizopita tangu rejesho la mwisho, au riba ya miezi ambayo bado haijafika.

Barua za mwalimu wetu zinarudi hivi. Benki inataka Sh 9,180,000, yaani salio pamoja na ada ya asilimia 2 ya kumaliza mapema. SACCOS inataka Sh 3,000,000 bila nyongeza. Kampuni ya mikopo midogo inataka mtaji uliobaki, Sh 1,600,000, pamoja na riba ya mwezi mmoja ya Sh 84,000, jumla Sh 1,684,000. Ukijumlisha zote unapata Sh 13,864,000.

Ukiambiwa kwa mdomo tu, bado hujapata namba. Wakopeshaji wadogo hasa hupenda kusema "njoo tu na hela, tutaelewana", na ukifika nazo ndipo namba nyingine inapotajwa.

Hatua ya 2: Tafuta riba halisi ya kila deni kuanzia leo kwenda mbele

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tusiharakishe.

Riba iliyoandikwa kwenye mkataba ilihusu pesa uliyopokea siku ile. Leo swali ni jingine: nikimlipa huyu kiasi alichoandika kwenye barua, nitaepuka marejesho mangapi, na kuepuka huko ni sawa na riba ya asilimia ngapi? Fomula ya RATE, iliyomo kwenye Excel na Google Sheets, inahitaji vitu vitatu tu: idadi ya marejesho yaliyobaki, kiasi cha rejesho, na kiasi cha kumalizia kilichoandikwa kwenye barua. Kwa deni la kampuni ndogo unaandika hivi:

```
=RATE(8,-284000,1684000)*12
```

Jibu ni karibu asilimia 86 kwa mwaka. Mtu akiambiwa asilimia 3.5 kwa mwezi huzidisha kwa 12 akapata 42, akajiridhisha. Zilizobaki zinatoka wapi? Zinatoka kwenye namna riba inavyotozwa. Kampuni hii inatoza riba juu ya mkopo wa mwanzo mwezi hadi mwezi, hata kama umeshalipa sehemu kubwa. Tazama rejesho la mwisho kabisa, la mwezi wa 12. Wakati huo mwalimu anadaiwa mtaji wa Sh 200,000 tu, lakini bado analipa riba ileile ya Sh 84,000. Ni asilimia 42 ndani ya mwezi mmoja. Mkopo wa riba isiyopungua unakuwa ghali zaidi kadiri unavyokaribia mwisho, kwa hiyo miezi minane aliyobakiza mwalimu ni ghali kuliko minne aliyokwisha kuilipa.

Lakini sasa badilisha barua. Tuseme kampuni ingesema kwamba ukimaliza mapema unalipa riba yote ya mkataba kama ilivyo, hakuna msamaha. Kiasi cha kumalizia kingekuwa 284,000 mara 8, yaani Sh 2,272,000. Ingiza hicho kwenye fomula na jibu litakuwa sifuri. Deni lilelile, mkataba uleule, riba yake ya kwenda mbele ni sifuri, kwa sababu ulipe leo au ulipe kidogokidogo, jumla haibadiliki. Kukopa pesa ya riba yoyote ile ili kumaliza deni la namna hiyo ni hasara tupu. Na kama kampuni ingekubali mtaji peke yake, Sh 1,600,000, riba ya kwenda mbele ingepanda hadi karibu asilimia 102. Ndiyo maana nimesisitiza barua: kati ya sifuri na 102, tofauti yote imo kwenye sentensi moja ya mkopeshaji.

Kwa benki, fanya vivyo hivyo:

```
=RATE(36,-316413,9180000)*12
```

Utapata asilimia 14.6, si 16. Ada ya kumaliza mapema imefanya deni la zamani liwe na thamani zaidi ya kulishikilia, kwani ukilivunja unalipia uvunjaji. SACCOS haina ada, inabaki asilimia 12.

Kuna deni moja ambalo halihitaji fomula. Kama unakatwa asilimia 15 ya mshahara na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, usiliweke kwenye kapu la kununuliwa. Ile ada ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, pamoja na faini ya asilimia 10. Kulilipa kwa mkopo wa benki ni kuchukua deni lisilo na riba na kulitwisha riba wewe mwenyewe, kwa hiari yako. Mikopo ya simu ya siku 30 nayo iache nje. Riba yake inauma, lakini dawa yake ni kuilipa mshahara ujao na kutoirudia. Ukiitumbukiza kwenye mkopo wa miaka mitano, utailipa ukiwa umeshasahau ulinunulia nini.

Hatua ya 3: Changanya riba kwa uzito wa salio

Usijumlishe riba tatu ukagawa kwa tatu. Ukifanya hivyo utapata asilimia 37.6, namba isiyo na maana yoyote, maana deni la milioni moja na nusu na ushei linapewa uzito sawa na deni la milioni tisa. Zidisha kila kiasi kwa riba yake, jumlisha, kisha gawa kwa jumla ya madeni.

| Deni | Kiasi cha kumalizia | Riba halisi | Riba kwa mwaka |
|---|---|---|---|
| Benki | 9,180,000 | 14.6% | 1,340,280 |
| SACCOS | 3,000,000 | 12% | 360,000 |
| Kampuni ndogo | 1,684,000 | 86.2% | 1,451,608 |
| Jumla | 13,864,000 | | 3,151,888 |

Gawa 3,151,888 kwa 13,864,000, unapata asilimia 22.7. Kwenye jedwali la simu, kama viasi viko safu B na riba safu C, fomula ni hii:

```
=SUMPRODUCT(B2:B4,C2:C4)/SUM(B2:B4)
```

Hiyo ndiyo riba ya pamoja ya leo. Angalia kampuni ndogo: inashika sehemu ndogo ya deni lakini inakula riba kushinda benki.

Sasa ofisa wa benki nyingine anakuja na ofa: asilimia 17 kwa mwaka, salio linalopungua, miezi 60. Ishirini na mbili nukta saba dhidi ya kumi na saba, si imeshajulikana? Watu wengi husimama hapa na kusaini. Hata maofisa wenyewe, wale wanaojua kupiga hesabu hii, huishia hapa.

Hatua ya 4: Fuata madeni hadi yaishe

Riba ya pamoja ya asilimia 22.7 ni ya leo tu. Deni linaloipandisha, lile la kampuni ndogo, litakufa baada ya miezi minane lenyewe. Kuanzia mwezi wa tisa mwalimu atabaki na benki na SACCOS, ambazo kwa viasi vya leo zikichanganywa ni asilimia 14 hivi. Ofa ya asilimia 17 kwa miaka mitano haishindani na 22.7 kwa miaka mitano. Inashindana na 22.7 inayoshuka upesi.

Ili kupata namba moja inayobeba safari nzima, panga marejesho yote kwa miezi kwenye safu moja. Juu kabisa, kwenye D2, weka kiasi cha kumaliza madeni yote, 13864000. Chini yake weka marejesho yakiwa hasi: miezi 8 ya kwanza ni -766659, miezi 12 inayofuata, kampuni ndogo ikiwa imeisha, ni -482659, na miezi 16 ya mwisho, SACCOS nayo ikiwa imeisha, ni -316413. Kisha:

```
=IRR(D2:D38,0.02)*12
```

Jibu ni asilimia 17.1. Hii ndiyo bei halisi ya kuendelea na madeni yako kama yalivyo hadi senti ya mwisho. Kutoka 22.7 hadi 17.1 ni pengo kubwa, na ndani ya pengo hilo ndimo ofa nyingi za kuunganisha madeni zinapoonekana nafuu bila kuwa nafuu.

Ukitaka kujua kama unahitaji hatua hii au unaweza kuiruka, angalia muda uliobaki. Kama madeni yako yote yanaisha kwa kukaribiana, riba ya pamoja ya hatua ya tatu inatosha. Kama lile la riba kubwa ndilo linalokaribia kwisha, usiiruke kabisa.

Hatua ya 5: Vua mkopo mpya nguo zake

Asilimia 17 ni riba. Mkopo una mengine. Benki mpya inakata ada ya kuchakata mkopo na bima, tuseme kwa pamoja asilimia 2.5, na inazikata kwenye pesa kabla haijazitoa. Mwalimu anahitaji Sh 13,864,000 za kumaliza madeni, kwa hiyo inabidi akope zaidi ya hizo. Gawa 13,864,000 kwa 0.975, unapata kama Sh 14,220,000. Hicho ndicho atakachodaiwa. Rejesho lake:

```
=PMT(17%/12,60,-14220000)
```

Ni Sh 353,404. Kisha rudi kwenye RATE, lakini ingiza kiasi kilichomaliza madeni, si kiasi cha mkopo:

```
=RATE(60,-353404,13864000)*12
```

Asilimia 18.2. Ofa ya asilimia 17 inagharimu 18.2, na kubaki na madeni kunagharimu 17.1. Mkopo mpya ni ghali zaidi, ingawa ulikuja ukionekana kushinda kwa pointi karibu sita.

Labda ufupishe muda? Kwa miezi 36 rejesho linakuwa Sh 506,981 na riba halisi inapanda hadi 18.8, kwa sababu ada zilezile sasa zinabebwa na miezi michache. Hilo huwashangaza watu. Kufupisha muda kunapunguza jumla ya riba utakayolipa, lakini hakupunguzi bei ya mkopo kwa shilingi kwa mwezi. Kinachopunguza bei ni riba ndogo na ada ndogo. Ofisa akishuka hadi asilimia 15 kwa miezi 60 na ada zilezile, riba halisi inakuwa karibu 16.2, na hapo ofa inashinda 17.1. Hiyo ni namba nzuri ya kwenda nayo mezani, maana wafanyakazi wa serikali wanagombewa na benki, na riba ya kwenye kipeperushi si lazima iwe neno la mwisho.

Halafu tazama jumla. Akibaki na madeni yake atalipa Sh 16,987,788 hadi mwisho. Akichukua mkopo wa miezi 60 atalipa Sh 21,204,240. Tofauti ni zaidi ya milioni nne na laki mbili. Sisemi jumla peke yake iamue, kwa kuwa anayelipa polepole anakaa na pesa mkononi muda mrefu zaidi na pesa hiyo ina kazi yake. Riba halisi inakuambia bei, na jumla inakuambia utakuwa umeuziwa deni kubwa kiasi gani kwa bei hiyo. Soma zote mbili.

Kwa upande mwingine, rejesho limeshuka kutoka Sh 766,659 hadi Sh 353,404. Kama mwalimu ameshafika mahali pa kukopa chakula kila tarehe 15, au makato yamegusa ile theluthi moja ya mshahara ambayo haitakiwi kukatwa, nafuu ya laki nne kwa mwezi inaweza kuwa na thamani kuliko pointi moja ya riba. Huo ni uamuzi halali kabisa. Kosa ni kuuita "nafuu ya riba" wakati ni nafuu ya pumzi inayolipiwa. Akiuchukua, aulize kama benki inaruhusu kulipa zaidi ya rejesho bila faini, na kama nyongeza hiyo inapunguza mtaji au inakaa tu kwenye akaunti ikingoja.

Kuna chambo kingine hapa. Benki ikishaona miezi 60 inakuwezesha kukopa zaidi, itakuambia "na utaondoka na milioni tatu mkononi". Hizo milioni tatu ni mkopo mpya na hazihusiani na kuunganisha madeni. Zikiingia kwenye hesabu, zinavuruga kila kitu, na rejesho halitaonekana tena lilivyokuwa. Fanya hesabu yako kwa kiasi cha barua tu. Ukizihitaji milioni tatu, ziulize peke yake zinauzwaje.

Hatua ya 6: Jaribu kununua deni moja badala ya yote

Ukirudi kwenye jedwali la hatua ya tatu, ugonjwa unauona mwenyewe. Benki 14.6 na SACCOS 12 haziumwi. Kuzinunua kwa pesa ya 18.2 ni kuharibu deni zuri ili kuponya baya. Linalotakiwa kutolewa ni la kampuni ndogo tu.

SACCOS yake inakopesha hadi mara tatu ya akiba, na bado hajafika kikomo, wadhamini wapo. Anaomba Sh 1,720,000 kwa miezi 12, riba ileile ya asilimia 1 kwa mwezi, ada ya asilimia 2. Mkononi zinafika Sh 1,685,600, zinatosha kumaliza Sh 1,684,000. Rejesho jipya ni Sh 152,820 badala ya Sh 284,000, kwa hiyo kila mwezi anapata pumzi ya Sh 131,180 kwa miezi minane ya kwanza. Jumla atalipa Sh 1,833,840 badala ya Sh 2,272,000. Amebakisha Sh 438,160, bila kugusa mkopo wa benki na bila kulipa ada yake ya uvunjaji ya laki moja na themanini.

Na ili usinung'unike kwamba nimeficha ada: asilimia 2 kwenye mkopo mfupi wa miezi 12 inapandisha ile 12 ya SACCOS hadi karibu 16 halisi. Ukiiweka pembeni ya 86, haina la kukutisha.

Kama kampuni ndogo ilikuwa haijatoa barua, au inaanza kubadilika, nenda kwake ukijua kiwango chako cha mwisho. Kitafute hivi:

```
=PV(1%,8,-284000)
```

Inatoka Sh 2,173,077. Punguza asilimia 2 ya ada ya SACCOS, unabaki na kama Sh 2,130,000. Kampuni ikitaka chini ya hapo, kumaliza kwa pesa ya SACCOS kuna faida. Ikitaka zaidi, usilipe mapema, endelea na marejesho yake na uelekeze nguvu zako kwingine. Ukienda na namba hiyo kichwani, hata majadiliano yanakuwa mafupi. Kati ya 1,684,000 na 2,130,000 kuna nafasi ya kukubaliana ambayo ninyi wawili mnaweza kunufaika nayo, kwa sababu mkopeshaji naye anapata pesa yake leo bila kusubiri miezi minane wala kuogopa kwamba hutalipa.

SACCOS ikikataa, jaribu kuongeza mkopo kwenye benki uliyonayo tayari, kwa kiasi cha deni hilo moja tu, lakini uliza mapema jinsi wanavyofanya. Benki nyingine haziongezi juu: zinafunga mkopo wa zamani na kuandika mpya wote, na ada inakatwa kwenye kiasi kizima, pamoja na zile milioni tisa ulizokwisha kuzilipia ada mara ya kwanza. Ada ya asilimia 2.5 kwenye milioni kumi na ushei ili kupata milioni moja na laki saba ni kama laki mbili na elfu sabini, na hapo unarudia hatua ya tano ukiwa na namba hizo mpya.

Hatua ya 7: Funga deni la zamani kwa karatasi

Mkopeshaji mpya akilipa moja kwa moja kwa wa zamani ni salama zaidi kuliko pesa kupita mikononi mwako. Ikibidi ipite, ilipe siku hiyohiyo, kwa sababu kiasi cha kwenye barua kina tarehe, na ikipita siku chache utakuta kimepanda na wewe umepungukiwa elfu kadhaa ambazo zitafanya deni lihesabike bado hai.

Dai hati ya kumaliza deni yenye muhuri, tarehe na kiasi. Kama kampuni ndogo ilishikilia kadi yako ya benki na namba ya siri, jambo ambalo wakopeshaji wa kausha damu wamelifanya kuwa mazoea, ichukue kadi siku hiyohiyo na ubadilishe namba ya siri kabla mshahara haujaingia. Dhamana nyingine yoyote, hati ya kiwanja au kadi ya pikipiki, irudi nayo.

Mwezi unaofuata kagua hati ya mshahara mstari kwa mstari. Deni la zamani linalokatwa kupitia mshahara linaweza kukatwa mwezi mmoja zaidi kwa kuwa orodha ya makato ilishafungwa kabla taarifa ya kumaliza haijafika. Ukikuta makato mawili, ya zamani na mapya, peleka nakala ya hati ya kumaliza kwa mwajiri na kwa mkopeshaji wa zamani mara moja, na uandike barua ya kudai kurejeshewa. Kama wewe ni mwalimu wa mfano wetu na ulimaliza lile la kampuni ndogo pekee, makato ya benki ya Sh 316,413 yanapaswa kubaki palepale, na la SACCOS lisomeke Sh 319,066, yaani rejesho la zamani pamoja na jipya.